Damu kabla ya miaka 9: angalia matiti yalianza lini na urefu umeenda kasi gani

*"Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 8 na miezi 3. Titi la kushoto lilianza kuota akiwa na miaka 7 na miezi miwili, la kulia likafuata. Jumamosi nikifua nimekuta damu kwenye chupi yake, ikaendelea siku tatu ikakata. Bibi yake mzaa baba anasema nimwache, ni ya ukoo. Baba yake anasema ni kuku wa kisasa. Mimi naogopa asije akawa ameguswa na mtu. Nimpeleke hospitali au nisubiri? Mama, Tanga."*

Marahaba, mama. Mpeleke, na iwe ndani ya wiki hii au ijayo. Sisemi hivyo kwa kudhani ana ugonjwa mbaya. Wasichana wengi wa umri wake tunaowapima kwa sababu kama hii hatuwakuti na ugonjwa wowote. Mwili umeamka mapema tu. Kinachonifanya nisikuambie usubiri ni kasi.

Balehe ya msichana ina mpangilio. Kwa kawaida matiti huanza kati ya miaka 8 na 13. Muda si mrefu mtoto anaanza kurefuka haraka, viatu na sare vinambana kabla mwaka wa shule haujaisha. Damu huja mwishoni, miaka miwili hadi miwili na nusu baada ya chuchu kuanza kuinuka. Binti yako ameanza matiti kabla ya miaka 8, na safari ambayo wenzake huitembea kwa miaka miwili ameimaliza kwa mwaka mmoja na mwezi. Kuanza mapema peke yake kungenifanya niulize maswali. Kuanza mapema na kwenda mbio kunanifanya nitake kumwona.

Kuna mtoto mwingine ambaye ningemwambia mama yake asubiri. Amefikisha miaka 7 na miezi 9, ana vijivimbe vidogo chini ya chuchu ambavyo havijabadilika kwa nusu mwaka, na anarefuka sentimita 5 au 6 kwa mwaka kama mtoto yeyote. Huyo tunampima urefu, tunaandika, tunamwita tena baada ya miezi minne hadi sita. Wengi wao hawaendi popote kwa haraka. Hata watoto wa chini ya miaka 3 huota titi dogo likakaa hivyo, au likanywea lenyewe.

Sasa nikueleze kwa nini ninashikilia huo mpangilio, maana ndio utakaokusaidia kuelewa hofu yako kuhusu damu. Balehe ya kweli huanzia kichwani. Sehemu ndogo chini ya ubongo inaituma tezi pituitari, pituitari inaziamsha ovari, na ovari zinatoa homoni ya estrojeni. Estrojeni hiyo hiyo ndiyo inayokuza matiti, inayosukuma mifupa irefuke, na inayojenga utando wa ndani wa mfuko wa uzazi ambao baadaye hutoka kama hedhi. Haiwezi kujenga utando ikaacha matiti kama yalivyo. Kwa hiyo msichana wa miaka 7 au 8 mwenye kifua bapa kabisa akitokwa damu, usiseme amevunja ungo. Hiyo ni damu inayotafutiwa chanzo kingine mpaka kipatikane.

Huku kwetu pwani, chanzo cha kwanza ninachokiwazia ni kichocho cha mkojo. Mtoto anayeoga au kuchota maji kwenye bwawa, mto au jaruba la mpunga anaweza kukojoa damu, hasa matone ya mwisho, na mama akaiona kwenye chupi akadhani ni hedhi. Njia rahisi ya kutofautisha ni kumkojolesha kwenye kopo jeupe safi, kisha kumwekea pedi au kitambaa cheupe kwa saa chache. Mkojo ukiwa mwekundu na kitambaa kikabaki kisafi, damu inatoka kwenye njia ya mkojo. Maabara huwa wanataka mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai ya kichocho hutoka kwa wingi. Ukienda alfajiri wanaweza wasione kitu.

Chanzo cha pili wengi hawakijui, hata baadhi ya wahudumu wa afya. Utando wa ndani wa mrija wa mkojo unaweza kuchomoza nje ukaonekana kama pete nyekundu au ya zambarau, laini, inayovuja damu ukiigusa. Huwapata zaidi wasichana weusi wa kati ya miaka 4 na 8. Nimewaona watoto waliopelekwa polisi kwa sababu ya hali hii, familia nzima ikiwa imegawanyika, kumbe ni kitu kinachotibika kwa kukaa kwenye maji ya uvuguvugu na krimu ya kupaka aliyoandika daktari. Halafu kuna kitu kilichoingia ukeni, mara nyingi kipande cha karatasi ya chooni au kitambaa. Hicho hujitangaza kwa uchafu wenye harufu mbaya unaorudi hata baada ya dawa. Pia kuna mtoto aliyeumia, kwa kuanguka juu ya kitu kama baiskeli, au kwa kuumizwa na mtu.

Kwa binti yako matiti yapo na yamekua kwa zaidi ya mwaka, kwa hiyo damu ya siku tatu iliyokata yenyewe inaingia vizuri kwenye mpangilio wa hedhi. Hofu yako hata hivyo siifuti kwa maneno. Kuguswa na mtu hakuoteshi matiti wala hakuleti hedhi, hilo liondoe moyoni. Lakini mtoto anaweza kuwa amebalehe mapema na bado akawa ameumizwa, na umbo lake linaweza kuwavuta watu wasio na heri. Mwulize mara moja, mkiwa wawili, kwa sauti ya kawaida: "Kuna mtu yeyote amekugusa sehemu zako au amekuumiza?" Akisema hapana, usimrudierudie kama polisi. Akisema ndiyo, au ukiona michubuko, maumivu anapokojoa, au tabia yake imebadilika ghafla, usingoje wiki. Usimwogeshe, na nenda siku hiyo hiyo kwenye kituo cha mkono kwa mkono, kinachohudumia waliofanyiwa ukatili, au hospitali, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72. Namba ya simu ya watoto, 116, inapigwa bure.

Kabla hujaenda kliniki, fanya mambo mawili nyumbani. Kwanza, hakikisha ni titi. Mtoto mnene anaweza kuwa na mafuta kifuani yanayofanana na matiti anapokaa. Mlaze chali, weka vidole viwili chini ya chuchu, ubonyeze taratibu. Titi linaloota lina kisahani kigumu kidogo kama kifungo cha shati, mara nyingi kinauma kikibonyezwa. Mafuta ni laini kote. Titi moja kutangulia jingine kwa miezi kadhaa ni kawaida, na hapa naomba unisikilize sana: asije mtu akasema ni uvimbe ukakatwe. Kile kifungo ndicho titi lote la baadaye. Kikikatwa, upande huo hautaota tena. Na bibi au jirani asije akayakanda kwa kitu cha moto ili yarudi ndani, hayarudi, yanaungua.

Pili, tafuta urefu wake wa nyuma. Kadi ya kliniki, daftari la shule, alama ulizochora mlangoni siku ya kuzaliwa kwake, chochote. Urefu mmoja wa leo unaniambia kidogo. Urefu wa leo na wa mwaka jana unaniambia karibu kila kitu.

Nikupe mfano wa mtoto niliyemtibu, nikiwa nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha. Aliletwa akiwa na miaka 7 na mwezi mmoja. Matiti yalianza miezi minane nyuma. Mama yake hakuwa na wasiwasi wa matiti, alikuja kwa sababu mtoto alikuwa mrefu kuliko wote darasani na walimu walimsukumia kazi za wakubwa. Alikuwa na sentimita 131. Kwenye fremu ya mlango wao palikuwa na alama ya mwaka mmoja nyuma: 122. Sentimita 9 kwa mwaka, wakati wenzake walikuwa wakienda 5 au 6.

Tukampiga eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto. Picha moja tu, ya dakika chache, na hospitali nyingi za mkoa wanaweza kuipiga. Ndani ya mkono wa mtoto kuna vipande vya gegedu ambavyo hugeuka mfupa kwa utaratibu unaojulikana, kwa hiyo daktari akilinganisha picha na kitabu cha picha za umri mbalimbali, anaweza kusema mifupa hii ina umri gani. Ya mtoto huyu ilikuwa na karibu miaka 10 na nusu. Alikuwa na umri wa miaka 7, mifupa yake imemtangulia kwa zaidi ya mitatu.

Hapo ndipo wazazi wengi hushangaa. Mtoto mrefu kuliko wenzake leo ndiye anayeweza kuishia mfupi. Estrojeni inairefusha mifupa na papo hapo inazifunga ncha zake zinazokua. Kwa umri ule wa mifupa, mtoto huyu alikuwa ameshamaliza karibu sehemu 86 kati ya 100 za urefu wake wa utu uzima. Ukipiga hesabu unapata kama sentimita 152, na mama yake ana 162. Hayo ni makadirio, yanaweza kukosea kwa sentimita kadhaa, lakini yalitosha kutufanya tusikae.

Damu ikachukuliwa kupima homoni. Kwenye fomu utaona herufi LH, FSH na estradioli. LH ndiyo ninayoiangalia kwanza, kwa sababu inatoka kwenye pituitari: ikizidi 0.3 kwa mtoto wa umri huu, kwa mashine nzuri, ina maana kichwa ndicho kinachoendesha balehe. Yake ilikuwa 1.4. Ikiwa chini wakati matiti yanakua, hatumalizii hapo, kwa sababu mchana inaweza kufichama. Tunamchoma mtoto sindano ya kuichochea na kupima tena. Ultrasaundi ya tumbo ilionyesha mfuko wa uzazi ulioanza kupata umbo la mwari, na ovari zisizo na uvimbe.

Kipimo cha MRI ya kichwa ni ghali, na si kila msichana anakihitaji. Akianza kabla ya miaka 6 tunakifanya, kwa kuwa hapo uwezekano wa kukuta kitu kwenye ubongo unapanda. Baada ya umri huo tunakifanya kukiwa na dalili: kichwa kinachouma asubuhi na kutapika, macho kupungua nguvu, kunywa maji na kukojoa kupita kiasi, degedege. Kuna dalili moja ambayo watu huiona kama kituko cha mtoto, nayo ni kicheko cha ghafla kisicho na sababu, kinachokuja na kukata chenyewe, mtoto hata hajafurahi. Hicho kinaweza kuwa aina ya kifafa itokayo kwenye sehemu ile ile inayoamsha balehe. Mvulana anayebalehe kabla ya miaka 9 tunampiga MRI hata bila dalili hizo, maana kwao ugonjwa hupatikana mara nyingi zaidi.

Mara chache LH inakuwa chini kabisa hata baada ya kuchochewa, na matiti yapo. Hapo estrojeni inatoka kwingine. Inaweza kuwa uvimbe wa maji kwenye ovari, na baadhi ya watoto hao wana mabaka makubwa ya kahawia kwenye ngozi yenye kingo zilizochongoka. Inaweza kuwa tezi ya shingo iliyolala sana. Huyo utamjua kwa sababu badala ya kurefuka amesimama, amekuwa mzito na mchovu, na mifupa yake iko nyuma badala ya mbele. Na inaweza kutoka nje ya mwili: vidonge vya uzazi wa mpango alivyovikuta mezani, krimu yenye homoni anayopaka bibi, mafuta ya nywele yenye kondo la nyuma au homoni ambayo fundi wa saluni humpaka kila wiki. Chukua kila chupa anayopakwa, hata isiyo na lebo, uje nayo.

Kuhusu kuku wa kisasa, mwambie baba yake kwamba kuku wale hukua haraka kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa kwa miaka mingi na chakula wanachopewa. Hawahitaji homoni za kike ili wafike sokoni kwa wiki tano au sita. Ninachokijali kwenye sahani ni uzito: mwili wenye mafuta mengi huwa unaanza matiti mapema zaidi. Hata hivyo chipsi na soda haziwezi peke yake kueleza msichana aliyefika kwenye damu ndani ya mwaka mmoja.

Bibi naye ana hoja, ila haimfanyi mtoto asipimwe. Kuwahi huenda katika ukoo. Mwaka 2013 watafiti waliitambua jeni iitwayo MKRN3 ambayo ikiharibika balehe inakuja mapema, na ajabu yake ni kwamba inafanya kazi ile nakala iliyotoka kwa baba peke yake. Kwa hiyo aliyosema bibi mzaa baba yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwulize baba yake alivunja sauti akiwa darasa la ngapi, aliacha kurefuka lini, na shangazi zake walivunja ungo wakiwa na miaka mingapi. Wakikujibu "tulikuwa la saba", huko ni kawaida tu, si kuwahi.

Yule mtoto wangu alianza sindano ya leuprorelini miligramu 11.25 kila baada ya miezi mitatu. Dawa hii inaishika pituitari kwa nguvu mpaka inachoka na kunyamaza. Siku za mwanzo inaichochea kwanza, ndiyo maana wiki mbili tatu baada ya sindano ya kwanza baadhi ya watoto hutokwa damu kidogo. Mama akiwa hajaambiwa, hudhani dawa imeharibu na haji tena. Yeye aliendelea. Ndani ya mwaka matiti yalilegea, urefu ukarudi sentimita 5 kwa mwaka, mifupa ikapunguza mwendo. Tuliacha alipokaribia miaka 11, na hedhi ilikuja miezi 14 baadaye, yenyewe. Dawa haimfanyi mtu mgumba.

Kwa binti yako sitakuahidi hivyo. Faida ya urefu ni kubwa kwa walioanza kabla ya miaka 6, ipo kwa baadhi ya walio kati ya 6 na 8, na baada ya 8 ni ndogo. Yeye amepita 8 na ameshatoka damu. Eksirei ya mkono ndiyo itakayoamua. Mifupa ikiwa ya miaka 12, ameshamaliza zaidi ya sehemu 90 kati ya 100 za urefu wake, na sindano za bei kubwa hazitamwongezea kitu cha maana. Ikiwa bado iko 10, kuna cha kuzungumza. Sababu nyingine halali ya kumtibu ni kama hedhi inamshinda kabisa, mtoto wa darasa la pili asiyeweza kubadilisha pedi shuleni. Dawa inaweza kupatikana kwa shida nje ya miji mikubwa na bima si zote zinailipia, kwa hiyo uliza bei ya mwaka mzima kabla ya sindano ya kwanza. Kuianza na kuikatiza baada ya miezi mitatu hakuna maana.

Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa kwa daktari wa watoto, umwombe apime urefu, apige eksirei ya mkono, na akuandikie rufaa kwa daktari wa homoni za watoto, kwa mfano Muhimbili, ikiwa mifupa imetangulia kwa zaidi ya mwaka au LH imepanda.

Naye mwenyewe umwambie leo, kabla damu haijarudi. Mwambie hii ni damu ambayo wasichana wote huipata wakikua, yake imewahi, hajaumia wala hajakosea. Mwonyeshe pedi inavyobandikwa, mwekee mbili na chupi ya ziada kwenye mfuko wa mkoba, na umchague mwalimu mmoja wa kike ambaye atamwendea bila kueleza chochote. Kungwi asubiri. Akili yake ni ya miaka 8 hata kama umbo lake ni la miaka 11, na watu wa nyumbani waendelee kumtuma, kumlaza na kumlinda kama mtoto wa miaka 8, maana mwili uliofika kwenye hedhi unaweza kushika mimba.

Na hiyo Jumamosi uliyoikuta damu, iandike tarehe yake kwenye daftari, pamoja na siku tatu zilizofuata na idadi ya chupi ulizobadilisha. Ikirudi, andika tena.